Kioo kimepasuka, waipa imechoka, kioo cha pembeni hakipo: vidokezo kabla ya MOT

Uingereza, Wales na Uskoti, gari likishafikisha miaka 3 hupelekwa ukaguzi wa MOT kila mwaka. Ireland ya Kaskazini wanasubiri hadi miaka 4. Wengi wetu huwaza breki na matairi, tukasahau kioo tunachochungulia kila siku. Tuchukue gari la mfano, Yaris ya mwaka 2014 yenye usukani kulia kama zilivyo nyingi huko. Kioo chake cha mbele kina alama tatu, waipa zinaacha michirizi, na kioo cha pembeni cha kushoto kiling'olewa na basi. Je, litapita?

1. Kwanza jua alama iko wapi

Mkaguzi haanzi na ukubwa wa ufa, anaanza na mahali ulipo. Mbele ya dereva kuna ukanda wa kusimama wenye upana wa milimita 290, na katikati yake ni katikati ya usukani. Ukanda huo unaishia pale waipa zinapofika, juu na chini. Ndani yake, alama isiyoenea kwenye duara la milimita 10 inakuangusha. Sehemu nyingine yote inayofutwa na waipa inaruhusu duara la milimita 40.

Huhitaji kifaa maalumu kupima. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Keti kwenye kiti chako, ilaze kwa upana juu ya kioo, uipange sawa na katikati ya usukani. Imezidi kwa milimita 7 tu, kwa hiyo inatosha kukuonyesha hali. Kisha kata viduara viwili vya kadibodi, kimoja cha milimita 10 na kingine cha 40.

2. Pima jeraha lote, pamoja na miguu yake

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya. Jiwe likigonga kioo huacha tundu dogo, halafu nyufa nyembamba hutambaa kutoka humo. Tundu la kwanza la Yaris yetu ni la milimita 6, lakini ukihesabu na vijiufa vyake alama nzima inafika milimita 14, nayo iko mbele ya dereva. Hiyo imeanguka. Alama ya pili ni ya milimita 30, upande wa abiria, ndani ya eneo la waipa. Hiyo inapita, ingawa ni kubwa mara mbili ya ile ya kwanza. Ya tatu ni ufa mrefu kwenye kona ya chini, mahali waipa hazifiki. Vipimo hivi viwili haviuhusu, ila ukitambaa kuelekea katikati mambo yanabadilika.

Mikwaruzo myepesi ya juu juu haihesabiwi kuwa uharibifu. Usikubali fundi akuuzie kioo kipya kwa ajili yake.

3. Ziba mapema, lakini kwa kazi safi

Kioo cha mbele ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Ndiyo maana jiwe kwa kawaida huumiza tabaka la nje tu, na ndiyo maana fundi anaweza kufyonza hewa kwenye tundu na kujaza gundi maalumu ambayo hukauka kwa mwanga. Kanuni za MOT zina faraja moja ambayo wengi hawaijui: kiraka kisichoonekana au kinachoonekana kwa shida, kilicho sawasawa na uso wa kioo, hakihesabiwi kuwa uharibifu hata kama jeraha la awali lilizidi kipimo. Kwa hiyo tundu la kwanza la Yaris bado lina matumaini, mradi lizibwe kabla uchafu na maji havijaingia. Vikishaingia, gundi haishiki vizuri na doa linabaki.

Asubuhi ya baridi kali usimwage maji ya moto juu ya kioo chenye ufa, wala usiwashe hita kwa nguvu zote papo hapo. Joto la ghafla hutanua upande mmoja wa kioo, na ufa wa sentimita moja unaweza kuvuka kioo kizima.

Ikibidi kubadilisha, uliza kuhusu kamera. Magari mengi ya karibuni yana kamera nyuma ya kioo hicho inayosaidia breki za dharura na kufuata mistari ya barabara. Kioo kipya kikiwekwa, kamera inahitaji kupimwa na kupangwa upya. Anayekupa bei rahisi bila kulitaja hilo, mwulize kabla hajaanza kazi.

4. Waipa: tazama ilichoacha nyuma

Nyunyiza maji, washa waipa, kisha angalia kioo wala si mpira. Mpira ulioanza kuchakaa huandikwa kama kasoro ndogo, na gari linapita. Usipofuta kioo ipasavyo, au ukikosekana kabisa, ni kasoro kubwa na gari linaanguka. Mpira uliochanika au uliokakamaa ubadilishe tu. Hata mvua ya kawaida ya Manchester itakudai ufanye hivyo.

5. Jaza maji ya kuoshea kioo

Tangi likiwa tupu, maji hayatoki, na gari linaanguka. Hakuna namna ya kipuuzi zaidi ya kulipia ukaguzi ukarudi mikono mitupu.

6. Vioo vya kutazamia nyuma: vinatakiwa viwili, si vitatu

Kwa magari ya abiria yaliyoanza kutumika tangu tarehe 1 Agosti 1978, lazima kuwe na kioo cha nje upande wa dereva, pamoja na kimoja kati ya hivi: cha ndani, au cha nje upande wa abiria. Kwa hiyo Yaris yetu, iliyopoteza cha kushoto, inaweza kupita ikiwa cha ndani ni kizima na kinaonyesha nyuma. Lakini ukipakia mizigo hadi darini, kioo cha ndani hakikusaidii tena, na kile cha kushoto kinakuwa cha lazima. Hali ni hiyo hiyo kwa magari ya mizigo yenye ukuta nyuma ya dereva. Angalia pia kilichobaki mlangoni: plastiki iliyovunjika yenye ncha kali ni kasoro nyingine kwa sababu inaweza kumjeruhi mpita njia. Mimi ningekirudisha kioo hicho hata kama kanuni hazinilazimishi. Kuhamia njia ya kushoto bila kukiona kilichoko ubavuni ni hatari.

7. Cheti hakizuii polisi

MOT inaeleza hali ya gari siku ile tu. Barabarani kuna kanuni za matumizi ya magari za mwaka 1986, zinazodai kioo kisizuie macho ya dereva, na waipa na vioo vya nyuma vifanye kazi, kila siku. Gari likionekana hatari, faini inaweza kufika pauni 2,500, pamoja na pointi 3 kwenye leseni na hata kufungiwa kuendesha. Kwa kasoro ndogo, polisi huweza kukupa muda, mara nyingi siku 14, utengeneze na uonyeshe uthibitisho.

Ukianguka MOT kwa kioo, waipa au vioo vya nyuma, tengeneza na urudi kituo kile kile kabla siku ya kazi inayofuata haijaisha. Kwa vitu hivyo, ukaguzi wa marudio haulipiwi.