Sikio Likiziba Ghafla, Damu Nayo Ipimwe

Tuchukue mfano wa fundi seremala wa miaka 38. Sikio la kushoto linaanza kuvuma kama jenereta la jirani, na baada ya siku chache halisikii simu. Akiinuka kitandani, chumba kinazunguka, anatapika. Anapewa dawa ya malaria, kisha matone ya kulainisha nta. Hapati nafuu.

Daktari wa masikio anachungulia na kukuta ngoma ya sikio safi. Anagonga uma wa chuma, anausimamisha katikati ya paji la uso. Kama shida ingekuwa nta au usaha, mlio ungesikika zaidi upande unaoumwa. Huyu anausikia upande mzima, dalili kwamba kilichoguswa ni sikio la ndani au mshipa wake wa fahamu. Hapo matone hayana kazi.

Kaswende hufika huko, na si lazima iwe ya miaka mingi. Huweza kuwahi hata miezi michache baada ya maambukizi, wakati kidonda kisichouma sehemu za siri kimeshapona na kusahaulika. Usikivu hupanda na kushuka, sikio moja au yote mawili, na ndiyo maana wengi huambiwa ni presha au uchovu.

Kipimo cha haraka cha tone la damu, kile cha kliniki ya wajawazito, hupima kaswende na VVU kwa pamoja. Ila aliyewahi kutibiwa kaswende huweza kubaki na majibu chanya maisha yake yote, kwa hiyo hufuata kipimo cha RPR, kinachosaidia kuonyesha kama ugonjwa bado uko hai. Maji ya uti wa mgongo yakitoka safi, kaswende ya sikio haijafutwa. Mara nyingi huwa safi.

Fundi wetu amekutwa na kaswende na VVU, jambo la kawaida kwa kuwa hupita njia moja. VVU navyo huweza kudhuru usikivu, hasa kinga ikishuka na kuruhusu kifua kikuu au homa ya uti wa mgongo ya fangasi. Masikio kuziba pamoja na kichwa kuuma sana, homa au shingo kukakamaa ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Tiba ndipo wengi wanapokosea. Sindano ya benzathini ya matakoni, inayotosha kaswende ya kawaida, haifiki ya kutosha sikio la ndani. Inatakiwa penisilini ya mshipani, uniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14, akiwa amelazwa. Mara nyingi huongezwa dawa za steroidi, japo ushahidi wake si mwingi. Kizunguzungu huweza kutulia. Usikivu hurudi kwa wengine tu, na nafasi hupungua kadiri siku zinavyopita. Mwenzi wake naye apimwe, hata kama masikio yake hayana neno.