Kwa nini jiwe la chokaa halioki juani?

SWALI: Kugeuza mawe ya matumbawe kuwa chokaa hufyonza joto. Kwa nini basi mmenyuko huu huenda tanurini, lakini juani hauendi kabisa?

JIBU: Hukumu hutolewa na nishati huru, si joto peke yake:

ΔG = ΔH − TΔS

ΔG ikiwa hasi, mmenyuko huelekea mbele. Ikiwa chanya, huelekea nyuma. Ikiwa sifuri, pande mbili zimelingana.

Jiwe hilo ni kalsiamu kaboneti. Kila moli moja ikivunjika hufyonza kilojuli 178 hivi. Hiyo ndiyo ΔH, yaani enthalpi, nayo inazuia. Lakini hewa ya kaboni dioksidi hutoka kwenye jiwe gumu na kutawanyika, hivyo entropi hupanda kwa kilojuli 0.16 kwa kila kelvini. Hiyo inasukuma mbele, na nguvu yake hukua kadiri halijoto, T, inavyopanda.

Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, yaani kelvini 298, TΔS ni 48 tu. ΔG ni 178 − 48 = +130, kwa hiyo jiwe hubaki jiwe. Ili ΔG iwe sifuri, gawanya 178 kwa 0.16: utapata kelvini 1,112, takriban nyuzi 840.

Hesabu hii ni ya makadirio, tena inachukulia kwamba kaboni dioksidi ina shinikizo la angahewa moja. Upepo ukiiondoa tanurini, jiwe huanza kuvunjika kabla ya kufikia nyuzi hizo. Wala alama ya ΔG haisemi kasi: jiwe kubwa huungua nje mapema, huku kiini kikibaki kibichi.