Barua ya Kumwomba Muuzaji Aongeze Muda wa Mkataba

Vikundi vingi vya uzalishaji katika kata zetu hununua vifaa kwa mkataba wenye malipo ya awali, tarehe ya makabidhiano na adhabu kwa atakayechelewa. Tarehe inapokaribia na mnunuzi hajawa tayari, wengi humpigia muuzaji simu, wakasikia "hakuna shida", kisha wakakaa. Somo hili linaonyesha namna ya kuandika barua itakayolinda fedha za kikundi, kwa kutumia mfano uliotungwa kwa ajili ya mafunzo.

Tuchukue kikundi cha akina mama cha Kata ya Mpemba, Tunduma. Kimeingia mkataba na muuzaji wa Vwawa wa kununua mashine ya kukoboa na kusaga mahindi kwa shilingi 9,600,000. Kikundi kimelipa 3,200,000, na salio la 6,400,000 litalipwa siku ya makabidhiano, 15 Agosti. Kifungu kimoja kinasema kwamba mnunuzi asipoichukua mashine ndani ya siku 14 baada ya tarehe hiyo, malipo ya awali hayatarudishwa. Mwezi Julai, mwenye fremu waliyoipanga akaiuza. Kikundi kimepata kiwanja kingine, lakini banda halijajengwa. Kisipofanya lolote, kufikia 29 Agosti kinaweza kupoteza shilingi 3,200,000.

Kazi ya kwanza hufanyika kabla ya kushika kalamu, nayo ni kuipata tarehe mpya kwa hesabu. Fundi amesema zege la kitako cha mashine litamwagwa 20 Agosti. Zege huhitaji takriban siku 28 ili lifikie nguvu yake, hivyo mashine haipaswi kufungwa na kutetemeka juu yake kabla ya 17 Septemba. Kuweka waya na swichi ni wiki moja zaidi. Ukiongeza siku chache za tahadhari unafika 30 Septemba. Kikundi kinachoomba "wiki mbili hivi" kwa kuona haya kutaja muda mrefu hulazimika kuandika barua ya pili, na ombi la pili husomwa na muuzaji aliyekwisha kukosa imani.

Kazi ya pili ni kukaa upande wa muuzaji na kuuliza ucheleweshaji huu unamgharimu nini. Mambo mawili yanaonekana. Fedha yake imelala ndani ya mashine kwa siku 46 zaidi, na mashine yenyewe inachukua nafasi ghalani. Basi kinachotolewa kama fidia kiguse hayo mawili. Kikundi kina akiba ya shilingi 2,400,000. Kinaweza kuilipa ile ile 15 Agosti bila kusubiri mashine. Kwa nafasi ya ghala kinaweza kutoa shilingi 3,000 kwa siku, yaani 138,000 kwa siku zote 46. Hiyo si fedha ndogo kwa kikundi, lakini ilinganishwe na ile 3,200,000 iliyo hatarini. Kumwahidi muuzaji kwamba "tutakuwa wateja wako daima" hakumpunguzii gharama yoyote.

Fidia hiyo ina faida nyingine. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaruhusu pande mbili kubadili mkataba wao kwa kukubaliana, lakini haimlazimishi muuzaji kukubali. Aidha, kwa kawaida sheria haiyapi nguvu makubaliano ambayo upande mmoja hautoi kitu chochote cha thamani. Anayelipia muda wa nyongeza ana msimamo imara zaidi kuliko aliyepewa kwa hisani.

Barua yenyewe inaweza kusomeka hivi, ikiwa imeandikwa 22 Julai:

YAH: OMBI LA KUBADILI TAREHE YA MAKABIDHIANO NA UTARATIBU WA MALIPO, MKATABA WA MASHINE YA KUKOBOA NA KUSAGA

Husika na somo tajwa hapo juu.

Kwa mujibu wa mkataba wetu, tunapaswa kupokea mashine na kulipa salio la shilingi 6,400,000 tarehe 15 Agosti. Jengo tulilokusudia kuifunga limeuzwa na mmiliki wake, na tunajenga banda katika kiwanja kingine. Kitako cha zege kitamwagwa 20 Agosti na kitakuwa tayari kubeba mashine baada ya siku 28.

Tunaomba makabidhiano yafanyike tarehe 30 Septemba. Kwa upande wetu, tutakulipa shilingi 2,400,000 tarehe 15 Agosti, na shilingi 4,000,000 zilizobaki siku ya makabidhiano. Aidha, tutalipa gharama ya kutunza mashine ghalani kwako, shilingi 3,000 kwa siku kuanzia 15 Agosti hadi siku tutakapoichukua.

Tunaomba ikubalike kwamba siku 14 zilizotajwa katika kifungu cha malipo ya awali zihesabiwe kuanzia 30 Septemba, na dhamana ya miezi sita ianze siku ya makabidhiano. Masharti mengine yote ya mkataba yabaki kama yalivyo.

Tutashukuru kupata jibu lako kwa maandishi kabla ya tarehe 1 Agosti, ili tusaini nyongeza ya mkataba.

Sababu imeelezwa kwa sentensi mbili tu, tena kwa jambo ambalo muuzaji anaweza kulihakikisha kwa kufika kiwanjani. Maneno "kwa sababu zilizo nje ya uwezo wetu", ambayo tumezoea kuyaandika, hayamwambii lini tatizo litakwisha. Aya ya tatu ndiyo husahaulika mara nyingi, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Tarehe ya makabidhiano ikisogezwa huku kifungu cha adhabu kikiachwa, muuzaji anaweza kudai kwamba siku 14 zilikwisha Agosti. Vivyo hivyo, dhamana inayohesabiwa kuanzia Agosti itakuwa imepungua kwa mwezi mmoja na nusu kabla gunia la kwanza halijasagwa.

Barua isainiwe na viongozi wanaotajwa na katiba ya kikundi, na uamuzi uwe ndani ya muhtasari wa kikao. Ikiwa fedha ni za mkopo wa halmashauri, Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ajulishwe mapema. Kamati zinazosimamia miradi ya Serikali zisitumie mfano huu kwa uamuzi wao wenyewe, kwani mabadiliko ya mikataba hiyo hufuata sheria ya ununuzi wa umma na huanzia kwa Afisa Masuuli. Na kwa wanaonunua kutoka Nakonde, barua itaje pia kama salio ni la shilingi au kwacha, kwa kuwa thamani ya salio huweza kubadilika ndani ya siku hizo 46.

Pelekeni nakala mbili kwa mkono. Moja ibaki kwa muuzaji, nyingine irudi ikiwa na saini yake, tarehe na muhuri wa kupokea. Asipojibu hadi 1 Agosti, msihesabu ukimya wake kuwa kibali: mkataba wa awali bado unasimama. Ndiyo maana tarehe ya jibu imewekwa wiki mbili kabla ya makabidhiano, ili akikataa, kikundi kipate muda wa kukusanya salio na kutafuta chumba salama cha kuhifadhia mashine. Akikubali, nyongeza ya mkataba iandikwe kwa ukurasa mmoja, isainiwe na pande zote mbele ya mashahidi, na ibanwe pamoja na mkataba wa kwanza. Shilingi 2,400,000 zilipwe baada ya saini hizo, na stakabadhi yake itaje kwamba ni sehemu ya salio.