Kalenda Ipange Siku, Daftari Lipange Uzito

Wanachuo wengi tunaopiga chuma tuna kengele tatu kwenye simu: leo mazoezi, kesho kupumzika, Jumatatu ijayo ongeza kilo. Mbili za kwanza ziko sawa. Ya tatu ndiyo inayowaumiza watu mabega, kwa sababu kuongeza uzito si jambo la tarehe. Tunaosoma ualimu tunalijua hili kwa njia nyingine. Azimio la kazi linaweza kukuambia wiki ya nne uanze mada ya sehemu, lakini kama madaftari ya wanafunzi yanaonyesha kugawanya bado kunawasumbua, husongi mbele. Daftari la mazoezi nalo ni hivyo hivyo.

Tuanze na siku. Kwa anayeanza, siku tatu kwa wiki zinatosha: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila siku mwili mzima. Kati ya siku moja na nyingine panabaki saa kama 48, na huo ndio muda misuli inapojijenga. Kengele ya mazoezi ilie saa moja kabla. Ya kupumzika iandike wazi, "leo hakuna chuma", maana washkaji wakikupitia bwenini jioni ya Jumanne, kukataa ni kazi.

Sasa uzito. Chagua idadi ya marudio, tuseme 8 hadi 10, kwa seti tatu. Unabaki na uzito uleule mpaka seti zote tatu zifike 10. Zikifika, siku inayofuata unaongeza kilo 2.5 na kuanza tena kwenye 8. Tumchukue mtu anayelala kwenye benchi na kusukuma kilo 40. Daftari lake linasomeka hivi:

Jumatatu, kilo 40: 9, 8, 8
Jumatano, kilo 40: 10, 9, 8
Ijumaa, kilo 40: 10, 10, 9
Jumatatu, kilo 40: 10, 10, 10. Ongeza.
Jumatano, kilo 42.5: 8, 8, 7

Iangalie ile Ijumaa. Kalenda ingesema wiki imeisha, ongeza. Daftari linasema bado rudio moja, basi anasubiri. Na ile 7 ya mwisho isikutishe: uzito umepanda, kwa hiyo marudio lazima yashuke kidogo. Ila andika kweli tupu. Rudio linahesabiwa kama mtaimbo umegusa kifua na mikono imenyooka juu. Mwenzako akikusaidia kuusukuma, hata kwa vidole viwili, hilo si lako.

Wazo hili si la leo. Mwaka 1945 daktari Mmarekani, Thomas DeLorme, aliandika jinsi alivyorudisha nguvu za misuli ya wagonjwa, wakiwemo askari waliojeruhiwa, kwa vyuma vilivyoongezwa hatua kwa hatua. Kipimo chake kilikuwa uzito ambao mgonjwa mwenyewe aliweza kuunyanyua mara kumi.

Kuna tatizo moja la jimu zetu za mtaani. Kuongeza kilo 2.5 kunahitaji pleti mbili za kilo 1.25, moja kila upande, na mara nyingi hazipo. Pleti ndogo kabisa ni ya kilo 2.5, kwa hiyo unaruka kilo 5 kwa mpigo. Kutoka 40 kwenda 45 ni zaidi ya asilimia 12, na bega linalihisi hilo. Hapo usiongeze kwenye 10. Subiri mpaka seti zote tatu zifike 12, ndipo uruke. Kwenye skwati kilo 5 si shida sana kwa anayeanza, maana miguu ina misuli mikubwa.

Namba zikigoma siku tatu mfululizo, angalia kwanza usingizi na chakula. Wiki ya mitihani, ukikesha na kulia chapati kavu, chuma hakipandi, na hiyo iandike pembeni ya ukurasa. Kama unalala na kula vizuri na bado zimegoma, punguza kama asilimia 10, kutoka 42.5 hadi 37.5 au 40, kisha panda upya.

Tofautisha pia maumivu. Misuli inayouma kotekote siku moja au mbili baadaye, kisha ikatulia, ni kawaida. Maumivu makali sehemu moja ya kiungo, wakati unanyanyua, yanamaanisha weka chini. Yakiendelea, nenda zahanati ya chuo.

Na ile kengele ya tatu? Ifute tarehe yake. Siku daftari likionyesha 10, 10, 10, chukua simu palepale, fungua kengele ya siku inayofuata ya mazoezi, andika: "Benchi, kilo 42.5." Isipoonyesha, usiguse kitu.