Wiki ya Nane, Hamu Imekwisha

Mpango wa wiki 16 wa kujiandaa na Kilimanjaro Marathon huanza Novemba, kwa kuwa mbio zenyewe hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Kwa sisi wa Dar es Salaam, katikati ya mpango huo huangukia Januari, wakati joto na unyevu viko juu hata alfajiri. Wiki za mwanzo unatoka kwa hamu. Ikifika ya nane, unafunga kamba za viatu kama mtu anayekwenda kulipa deni. Nimeipitia hali hiyo misimu kadhaa, na nimewasaidia wenzangu wa kikundi kuivuka.

Kwanza ninauchunguza mwili. Asubuhi kabla ya kutoka kitandani, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima. Yakizidi kiwango chako cha kawaida kwa mapigo saba hadi kumi, siku tatu mfululizo, na usingizi au hamu ya kula imepungua, usijilazimishe. Pumzika, kapime malaria na wingi wa damu. Wanawake hasa wasipuuze upungufu wa madini ya chuma, kwani uchovu ni mojawapo ya dalili zake. Mapigo yakiwa sawa, toka ukimbie taratibu dakika kumi. Miguu ikifunguka, mwili uko tayari, na tatizo litafutwe kwenye mpango.

Hapo ndipo ninapofungua daftari la mazoezi. Mwaka 1998 mtaalamu wa fiziolojia ya mazoezi wa Marekani, Carl Foster, alieleza njia rahisi ya kupima mazoezi yanavyofanana. Kila siku zidisha dakika ulizokimbia kwa ugumu uliousikia, kuanzia 0 hadi 10. Siku ya mapumziko andika 0. Mwisho wa wiki gawanya wastani wa siku saba kwa mtawanyiko wake. Ukiwa na jedwali la kompyuta, fomula ni hii:

```
=AVERAGE(B2:B8)/STDEV(B2:B8)
```

Jibu likizidi 2, siku zako zinafanana mno.

Dada mmoja wa kikundi chetu, ambaye Januari alikuwa karibu kuacha, alinipa wiki yake. Jumatatu alikimbia dakika 40 kwa ugumu wa 5. Jumanne hadi Jumamosi dakika 50 kila siku kwa ugumu wa 6. Jumapili dakika 90, ugumu ule ule wa 6. Jibu lilizidi 3. Hakuwa na siku ngumu hata moja, wala nyepesi. Chanzo kilikuwa saa ya mkononi: alishikilia kasi aliyoizoea mwezi Julai, wakati wa baridi, na kwa joto la Januari kasi hiyo inaudai moyo zaidi. Mbio zilizopaswa kuwa nyepesi zikawa za kati, na za kati kila siku huchosha bila kukupa cha kujivunia.

Tulianza na wiki moja ya kupunguza. Alikata theluthi moja ya dakika zake, akaacha saa nyumbani, na mara mbili akamalizia kwa kukimbia haraka sekunde 20, mara sita, akitembea katikati. Hizo mbio fupi usiziache, maana ndizo zinazourudishia mguu wepesi.

Baada ya hapo tukapanga wiki yenye siku zisizofanana. Jumatatu na Jumamosi mapumziko. Jumanne vilima, dakika 60 kwa ugumu wa 8, kwa sababu Moshi kuna mpando mrefu wa kuelekea Mweka. Jumatano na Alhamisi dakika 40 kwa ugumu wa 3, yaani mwendo unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Ijumaa dakika 50 kwa ugumu wa 7. Jumapili saa mbili kwa ugumu wa 5, kwenye njia mpya na pamoja na wenzake. Jibu likashuka hadi 1.

Ugumu wa njia hii uko kwenye zile siku za 3. Mkimbiaji mwenye malengo huona aibu kwenda taratibu kiasi hicho, na watu wa barabarani nao humpita. Mimi hushika msimamo hapo kuliko popote: siku nyepesi ikipanda hadi 5, Ijumaa inaharibika.

Jipe wiki tatu kwa mpangilio huu. Kama namba zimetawanyika, mapigo ni ya kawaida, unalala vizuri, na bado kila mbio ni mzigo, basi kilomita 42 ni nyingi kwako msimu huu. Waulize waandaaji kama unaweza kuhamia kilomita 21, zinazokimbiwa Moshi asubuhi hiyo hiyo.