Mafunzo Niliyopata: Kumwandikia Mwajiri Boti Ikikuacha

Anayefanya kazi Jozani na kupitisha likizo yake bara hurudi kazini kwa vipande vitatu. Kwanza ni gari la kumfikisha bandarini Dar es Salaam, kisha boti ya kuvuka hadi Malindi ya Unguja, na mwisho gari la shamba, lile la 309 la Jambiani au 310 la Makunduchi, ambayo yote hupita mbele ya geti la hifadhi. Kipande cha kwanza kikichelewa kwa nusu saa, mwisho wa safari huchelewa kwa saa tatu, maana boti haingoji na inayofuata haiko karibu. Mimi hutembeza wageni msituni na ninaye meneja anayepanga zamu zetu. Haya ndiyo niliyojifunza kuhusu ujumbe anaostahili kuupata siku kama hiyo.

1. Andika ukiwa na tiketi mpya mkononi

Siku ninayoikumbuka zaidi nilitoka Kibaha alfajiri, nikiwahi boti ya saa 3:30 asubuhi. Kiluvya tulikuta lori limepinduka na kuziba barabara ya Morogoro. Tulipofika Kimara kupanda mwendokasi ilikuwa tayari imekaribia saa tatu, na kutoka hapo hadi Posta ya Zamani, karibu na kanisa la Mtakatifu Yosefu linalotazamana na bandari, bado kuna safari. Mlango wa abiria hufungwa kabla boti haijang'oa nanga, kwa hiyo nilijua nimeachwa nikiwa bado ndani ya basi.

Mtu katika hali hiyo hutamani kuandika palepale: "Nahisi nitachelewa." Ujumbe wa namna hiyo humpa meneja wasiwasi na haumpi kitu cha kufanyia kazi. Atauliza utafika lini, nawe huna jibu kwa sababu hujui kama boti inayofuata ina nafasi. Kukiwa na sikukuu au msimu wa wageni, boti ya mchana inaweza kujaa ukabaki kungoja ya jioni. Nilikwenda dirishani kwanza, nikapata nafasi, ndipo nikaandika. Tofauti ilikuwa dakika chache, lakini ujumbe ukawa na saa ya kweli.

Jambo moja tu hunifanya niandike kabla ya tiketi: kazi inayoanza ndani ya saa mbili zijazo. Hapo meneja anahitaji kutafuta mtu mara moja, na sentensi moja inatosha: nimeachwa na boti, usinitegemee kwa kazi ya saa fulani, saa ya kufika naileta nikishapata tiketi.

2. Taja saa mbili zote, ya Kiswahili na ya kwenye tiketi

Hili ningependa kila mfanyakazi wa utalii Unguja alishike. Boti za kasi kati ya Dar na Unguja kwa kawaida huondoka saa 1:00 asubuhi, saa 3:30 asubuhi, saa 6:30 mchana na saa 10:00 jioni. Kwenye tiketi zimeandikwa 07:00, 09:30, 12:30 na 16:00. Sasa mwandikie meneja "nimepata boti ya 12:30" bila neno jingine. Mzaliwa wa Makunduchi anayesoma haraka ataona saa kumi na mbili na nusu, yaani jua linazama, naye atafuta zamu yako yote. Geuza upande wa pili: andika "saa 9:30" kwa meneja aliyezoea saa za kompyuta, na atakutarajia asubuhi iliyokwisha kupita.

Neno la wakati, kama asubuhi, mchana au alasiri, husaidia lakini halitoshi, kwa sababu ujumbe wako hausomwi na mtu mmoja. Meneja ataupeleka kwa dereva wa wageni, dereva ataupeleka kwa kiongozi wa msafara, na huenda huyo ni Mjerumani anayetafsiriwa na mwenzake. Nikiandika "saa 6:30 mchana (12:30)", ujumbe hupita mikono yote hiyo na maana yake inabaki ileile. Saa ya tiketi huiandika kwa tarakimu nne, sifuri ya mbele ikiwemo, ili ijulikane mara moja kuwa ni ya tiketi.

3. Saa ya kushuka Malindi si saa ya kufika Jozani

Meneja hajali boti inatia nanga saa ngapi. Anachotaka kujua ni lini utasimama getini ukiwa tayari kupokea wageni. Kwa hiyo hesabu ifanye wewe, umpe jibu tu.

Yangu ilikwenda hivi. Boti ya saa 6:30 mchana huchukua karibu saa moja na dakika arubaini mpaka saa mbili, kutegemea bahari, kwa hiyo Malindi ni kati ya saa 8:10 na saa 8:30. Kushuka, kungoja mzigo na kutoka nje ya bandari nikaweka dakika ishirini. Kutoka mjini hadi Jozani ni kilomita thelathini na tano hivi. Teksi huzimaliza kwa dakika hamsini ikipita Mwanakwerekwe bila msongamano. Gari la shamba hungoja lijae, husimama Mwanakwerekwe kuchukua watu na magunia, husimama tena Tunguu, na ukihesabu kungoja na mwendo wenyewe, saa moja na nusu ni makadirio ya ukarimu. Kwa teksi ningefika baina ya saa 9:20 na saa 9:40. Kwa gari la shamba ningekaribia saa 10:30.

Wageni walikuwa wanakuja saa 9:00 alasiri na geti hufungwa saa 11:00 jioni. Nikaamua teksi, nikaandika "kati ya saa 9:30 na saa 10:00". Ule mwisho wa juu ndio muhimu. Meneja hupanga kazi kwa kuufuata, hivyo uwe ni saa ambayo una hakika hutaivuka. Ukitaja saa moja kamili, kila dakika inayozidi ni ahadi iliyovunjika. Ukitaja mwanya wa nusu saa wenye mwisho wa kweli, unakuwa umempa kitu cha kushika.

4. Peleka na pendekezo la kazi, si habari ya safari peke yake

Saa ya kufika ikishajulikana linabaki swali la wageni. Meneja anaweza kulijibu mwenyewe, lakini yuko ofisini na simu tatu zinamlilia. Wewe unaijua kazi yako kuliko yeye, na Jozani ina bahati ya kuwa na kazi inayoweza kugeuzwa mpangilio.

Kwa kawaida tunaanza na kima punju, kisha njia ya msituni, tunamalizia na daraja la mbao kwenye mikoko ya Pete, upande wa kusini wa barabara. Kima punju wa Unguja, ambao kiasili hawapatikani kwingine kokote duniani, hupumzika vivulini joto likikaza, na jioni jua likipungua hushuka kula majani, hasa kwenye mashamba yaliyo jirani na geti. Kwa hiyo kuwaanzisha wageni na mikoko saa 9:00 na kuwaleta kwa kima saa 10:00 hakuwapunguzii kitu, na mara nyingi wanaona kima walio macho zaidi. Hilo ndilo nililopendekeza. Ila nilimpigia mwenzangu kwanza. Kumtaja mtu kwa meneja kabla hajakubali ni kumtwika mzigo mbele ya mkubwa wake, naye hawezi kukataa kwa heshima.

Ujumbe wenyewe ulikuwa huu:

"Assalaam alaykum, Bi Meneja. Nitafika Jozani leo kati ya saa 9:30 na saa 10:00 alasiri (15:30–16:00), badala ya saa 7:00 mchana (13:00). Boti ya saa 3:30 asubuhi (09:30) imeniacha kwa sababu barabara ya Morogoro ilizibwa na lori lililopinduka Kiluvya. Nimekwisha kata tiketi ya boti ya saa 6:30 mchana (12:30), na kutoka Malindi nitachukua teksi. Wageni wa saa 9:00 alasiri (15:00) watakuwa wamefika kabla yangu. Naomba ruhusa mwenzangu wa zamu aanze nao kwenye mikoko ya Pete, nami niwapokee getini saa 10:00 (16:00) kwa ajili ya kima punju. Nimezungumza naye, yuko tayari ukiridhia. Orodha ya wageni imo kwenye daftari la getini. Samahani sana kwa usumbufu. Nitakujulisha nikishuka Malindi."

5. Sababu sentensi moja, samahani mara moja

Lori lilitajwa, mahali pakatajwa, basi. Sikueleza tulikaa foleni muda gani wala dereva alijaribu kupita wapi. Sababu fupi yenye jina la mahali huaminika, maana inaweza kuulizwa na kujibiwa. Sababu ndefu humfanya msomaji aanze kuichunguza. Samahani nayo niliiweka mwisho, baada ya mpango. Ikitangulia, meneja husoma ujumbe wote akitafuta kosa liko wapi. Salamu pekee ndiyo inayotangulia, kwa sababu Unguja kumwendea mkubwa wako na shida bila kumsalimu ni utovu wa adabu hata kama mvua ya mawe inanyesha.

6. Fikiria simu itakuwa wapi ujumbe ukijibiwa

Katikati ya mkondo mtandao unaweza kupotea kwa muda mrefu. Ujumbe ukitumwa boti ikiwa imeshaondoka, jibu la meneja, na hasa swali lake, linaweza kukukuta Malindi wakati wageni wako njiani. Niliutuma asubuhi ile nikiwa ukumbi wa kungojea, nikangoja jibu kabla ya kupanda. Likaja fupi: amekubali mikoko kwanza, na ameongeza kwamba mmoja wa wageni ana goti bovu, asipelekwe njia ndefu ya msituni. Habari hiyo nisingeipata ningeandika nikiwa baharini.

Msimu wa kusi huongeza jambo jingine. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa angalizo la upepo mkali na mawimbi makubwa, boti inaweza kwenda polepole au isiondoke kabisa. Siku hizo huongeza mstari mmoja chini ya saa ya kufika: boti hii isipoondoka, inayobaki ni ya saa 10:00 jioni (16:00), na kwa hiyo sitawahi wageni wa leo, nitafika usiku na kushika zamu ya kesho saa 1:30 asubuhi (07:30). Meneja akishausoma, hahitaji kunipigia simu kuuliza itakuwaje. Anamweka mwenzangu kwa kazi yote, na mimi nikiwahi, nachukua nusu ya pili.

Niliposhuka Malindi siku ile niliandika maneno machache tu: "Nimeshuka saa 8:25 (14:25), natafuta teksi, saa iliyotajwa haijabadilika." Wageni walikuwa bado wako mikokoni nilipofika getini.