Somo la Afya: Kinga Anayozaliwa Nayo Mtoto Mchanga Imetoka Wapi?

Mama mmoja anayeishi na virusi vya Ukimwi (VVU) amejifungua salama. Amekuwa akimeza dawa zake kila siku, na mtoto anapewa dawa za kinga kama alivyoelekezwa na muuguzi. Mtoto anapofika miezi minne, jamaa mmoja anashauri apimwe kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu. Mistari miwili inaonekana. Nyumba nzima inaingia majonzi.

Je, mtoto huyu ameambukizwa? Kwa kipimo hicho pekee, hakuna anayeweza kusema. Ili kuelewa sababu, ni lazima tujue kingamwili ni nini, ziko za aina gani, na ni ipi kati yao inayopita kutoka kwa mama hadi kwa mtoto aliye tumboni.

Aina tano za kingamwili

Kingamwili ni protini ambazo mwili hutengeneza ili kutambua kiini fulani cha ugonjwa, kukishika na kukizuia. Ziko aina tano, na kila moja ina kazi yake.

IgM ndiyo hutangulia. Mwili unapokutana na ugonjwa kwa mara ya kwanza, hii ndiyo hutengenezwa mapema. Ni kubwa, kwa kuwa ni vipande vitano vilivyounganishwa pamoja.

IgG hufuata baadaye na hubaki kwa muda mrefu. Ndiyo iliyo nyingi zaidi katika damu, karibu robo tatu ya kingamwili zote zilizomo humo, na chanjo nyingi hutukinga kwa kutegemea hii.

IgA hulinda milango ya mwili. Hupatikana kwenye mate, machozi, utumbo na maziwa ya mama. IgE hupambana na minyoo, na pia ndiyo inayosababisha mzio, kama vile kupiga chafya na kuwashwa. IgD hukaa hasa juu ya seli zinazotengeneza kingamwili, nayo huzisaidia kutambua adui.

Ni ipi inayovuka kondo la nyuma?

Ni IgG peke yake. Wanafunzi wengi hujibu hivyo kwa usahihi, lakini wakiulizwa sababu husema ni kwa kuwa IgG ni ndogo. Jibu hilo halitoshi. IgE haiizidi IgG sana kwa ukubwa, lakini haivuki. Sababu hasa ni kwamba seli za kondo zina kipokezi maalumu kinachoishika IgG, kikaibeba na kuiachilia upande wa damu ya mtoto. Tunaweza kukifananisha na kivuko chenye nahodha anayekubali abiria wa aina moja tu.

Safari hii huanza mapema, karibu wiki ya 13 ya ujauzito, lakini sehemu kubwa ya IgG huvuka katika miezi mitatu ya mwisho. Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa akiwa na IgG sawa na ya mama yake, au hata kuizidi kidogo. Aliyezaliwa kabla ya wakati, tuseme wiki ya 30, huja na kidogo, na hiyo ni sababu mojawapo ya watoto njiti kuambukizwa magonjwa kwa urahisi.

Turudi kwa mtoto wetu

Kipimo cha haraka hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kingamwili dhidi ya virusi. Mama huyu ana IgG nyingi dhidi ya VVU, na zilivuka kondo pamoja na IgG nyingine zote. Kwa hiyo mistari miwili inatuambia kwamba mama ana VVU, jambo ambalo tayari tulilijua. Kuhusu mtoto, haituambii lolote la uhakika.

IgG ya mama hupungua polepole katika damu ya mtoto. Tuchukulie kwamba inapungua kwa nusu kila mwezi. Tukianza na 100 siku ya kuzaliwa, baada ya mwezi mmoja itabaki 50, miezi miwili 25, miezi mitatu karibu 12, na miezi minne karibu 6. Kwa kuwa kiasi cha mwanzo kilikuwa kikubwa na kipimo huweza kugundua hata kiasi kidogo, jibu linaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa miezi mingi. Kwa watoto wengine hali hiyo hudumu hadi karibu miezi 18.

Ndiyo sababu mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hupimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta chembe za urithi za virusi vyenyewe. Hapa Kenya hufanywa anapofika wiki 6, kisha miezi 6 na miezi 12. Kipimo cha kingamwili hufanywa akiwa na miezi 18, wakati zile za mama zimekwisha na zilizobaki ni zake mwenyewe. PCR hurudiwa kwa sababu mtoto anayenyonya bado anaweza kuambukizwa baadaye, hasa mama akiacha dawa. Jibu zuri la wiki 6 si ruhusa ya kuacha dawa wala kukosa kliniki.

Kinyume chake, IgM ya mama haivuki. Daktari akipata IgM dhidi ya ugonjwa fulani, kwa mfano rubela, katika damu ya mtoto mchanga, hiyo ni dalili kwamba mtoto ameitengeneza mwenyewe, yaani huenda ugonjwa ulimfikia akiwa tumboni.

Kivuko hiki na ratiba ya chanjo

Chanjo ya pepopunda hupewa mama mjamzito ili IgG yake ivuke na kumlinda mtoto wakati kitovu kinapokatwa. Kwa mama ambaye hajawahi kuchanjwa, dozi mbili hutenganishwa kwa angalau wiki 4, na ya pili itolewe angalau wiki 2 kabla ya kujifungua. Mama anayeanza kliniki mwezi wa tisa huenda asipate muda huo.

Chanjo ya surua nayo hungoja miezi 9. Akichanjwa mapema mno, IgG ya mama inaweza kuizuia chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza. Kukiwa na mlipuko wa surua, au mtoto akiwa amezaliwa na mama mwenye VVU, dozi ya ziada hutolewa miezi 6, na bado atapewa ya miezi 9 na ya miezi 18.

Jipime

1. Mtoto ananyonya maziwa ya kwanza ya njano, yaani dang'a. Anapata kingamwili gani zaidi?
2. Mtoto wa miezi 3 ana IgG dhidi ya kaswende, na mama yake aliwahi kutibiwa kaswende. Je, hiyo pekee inathibitisha kwamba mtoto ni mgonjwa?

Majibu: (1) IgA. Hulinda utumbo na koo, kwa hiyo dang'a isikamuliwe na kumwagwa. (2) La. Huenda IgG hiyo ni ya mama. Daktari atamchunguza mtoto, atalinganisha kiwango chake na cha mama, na atarudia kipimo kuona kama kinashuka. Kikipanda au kikikataa kushuka, mtoto anatengeneza zake mwenyewe na anahitaji matibabu.